Shajara ya tivii ya dukani, kuelekea Algiers

Haya nimeyanakili kutoka kurasa za nyuma za daftari la madeni. Mbele kuna nani kachukua unga, nyuma kuna mradi wa tivii. Nimerekebisha tahajia tu. Makosa yangu mengine nimeyaacha, na kuna moja ambalo lisingekuwepo nisingepata cha kusimulia.

Jumapili, 28 Mei 2023

Duka limelala. Kuanzia saa 9 alasiri Tandale yote imehamia kwenye vibanda umiza na mimi nimebaki na paka na mzani. Yanga wanacheza na USM Alger pale kwa Mkapa, fainali ya Kombe la Shirikisho, mkondo wa kwanza. Kwa saa mbili nimeuza kiberiti kimoja na sukari ya robo.

Mpira wenyewe nimeusikiliza kwa makelele. Mwishoni mwishoni mtaa ukalipuka, nikajua Mayele kafunga. Sijamaliza kurudisha kopo la chumvi kwenye rafu, ukimya ukaanguka, na baada ya ukimya vikafuata vicheko vya watu wa Simba upande wa kwa kinyozi. Waarabu walikuwa wamejibu dakika mbili tu baadaye. Moja kwa mbili, nyumbani.

Mimi ni Simba na siwezi kusema niliumia. Kilichoniuma ni droo. Marudiano ni Jumamosi tarehe 3 Juni kule Algiers, saa 4 usiku kwa saa zetu. Saa hizo mimi bado niko wazi, na watu watatafuta mahali pa kukaa. Nimeamua: dukani iwekwe tivii. Kiingilio sitozi. Nitauza soda, maji na karanga.

Jumatatu, 29 Mei

Tivii imepatikana. Flati ya inchi 32, imetumika, ya jirani anayehamia Mwanza. Alitaka laki mbili, tumemalizana kwa laki na themanini. Alikuwa anaangalizia mikanda ya deki, deki akaondoka nayo. Rimoti ni yake ya asili, ila maandishi yamefutika kwa vidole vya miaka. Zimebaki tarakimu, kitufe chekundu cha kuwashia, na vialama viwili vitatu.

King'amuzi ndio tatizo. Kipo kimoja tu, cha nyumbani, na nyumbani kuna tamthilia. Mama watoto amekubali kunikopesha kwa masharti: kirudi Jumapili asubuhi, na wiki nzima hii nisimuulize kwa nini chakula kimechelewa. Waya wa HDMI nimekuja nao huohuo wa nyumbani.

Saa 2 usiku nimeunganisha. Tivii ikawaka, juu pembeni yakatokea maandishi kwa sekunde chache kisha yakapotea, ikabaki giza na kisanduku kinachoelea kutoka kona hadi kona: `No Signal`. Kijana wa bodaboda aliyekuja kununua vocha akanitafsiria: hakuna mawimbi. Basi nikajua ni dishi. Dishi lililoko juu ya bati aliliacha mpangaji wa zamani na sijui lilikuwa linatazama wapi.

Jumanne, 30 Mei

Fundi wa dishi amekuja saa 5 asubuhi, umeme ukakatika saa 5 na dakika tano. Akasema haina shida, ana kipimo chake cha betri. Akapanda, akafungua nati, akaanza kulisogeza kidogo kidogo, kipimo kikawa kinalia kwa mbali, kisha kwa haraka, kisha mlio mmoja usiokatika. "Mangi, mawimbi yapo kibao." Akakaza nati, akashuka, akachukua elfu kumi na tano zake na namba ya simu akaniachia. Alikuwa na kazi nyingine Sinza asingeweza kukaa kungoja umeme.

Umeme umerudi saa 1 jioni. Nimewasha. `No Signal`.

Nimemlaani fundi kimoyomoyo. Nimepanda mwenyewe juu ya bati na tochi mdomoni, nikasukuma dishi kidogo kushoto, nikashuka kuangalia. Nikapanda tena, nikalisukuma kulia. Mara ya nne bati likalia vibaya nikaona niache. Dishi nimelirudisha kwenye alama ya kutu aliyoiacha fundi kwenye bomba, naamini.

Jumatano, 31 Mei

Maendeleo, lakini ya ajabu.

Kinyozi amekuja kunyoosha miguu, akaangalia nyuma ya tivii, akasema waya wa HDMI huenda umekufa ndani, yeye anazo zile nyaya tatu za zamani, njano, nyeupe na nyekundu, nijaribu. Nyuma ya tivii tundu la njano hakuna. Kuna la kijani lililozungushiwa duara la njano, akasema ndilo hilo, wanachangia. Njano tukaichomeka kwenye kijani, nyeupe kwenye nyeupe, nyekundu kwenye nyekundu ya mwisho, ile ya sauti.

Picha ikaja! Na sauti! Mtangazaji wa habari huyo hapo, anasoma. Ila amekuja mweusi na mweupe, kama tivii ya zama za babu yangu, na pembezoni mwa nguo zake kuna vidoti vidogo vinatembea kama sisimizi. Nimezungusha rangi kwenye menyu ya king'amuzi, wapi.

Kwa hiyo dishi ni zima. Namwomba radhi fundi hapa kwenye daftari, kwenye simu sitampigia.

Nimeona bora nijue rimoti yote. Nimeichora na kuandika kazi ya kila kitufe:

Chekundu: kuwasha na kuzima. Tarakimu: hazifanyi kitu. Viwili virefu upande wa kulia: sauti. Viwili virefu upande wa kushoto: vinatoa maandishi ya kukataa. Cha katikati ya duara: sawa. Chenye spika iliyokatwa: kuziba sauti. Chenye mstatili na mshale: KUTOKA, USIGUSE. Cheusi cha chini kabisa: saa ya kulala.

Chini ya tivii yenyewe kuna kitufe kimoja tu, kuwasha na kuzima.

Alhamisi, 1 Juni

Kariakoo, kufuata bidhaa, nikapitia maduka ya vifaa vya umeme. Nimemweleza muuzaji: picha inakuja nyeusi na nyeupe. Hakuniuliza swali hata moja. Akavuta waya wa HDMI mpya, mita moja na nusu, elfu nane, akasema hizo nyaya tatu ni za kizamani, zinameza rangi. Nimeununua. Sasa hivi naandika nikiwa kwenye daladala na naona hakueleza kitu, aliuza tu. Lakini na mimi ndivyo ninavyouza sabuni.

Ijumaa, 2 Juni

Waya mpya umechomekwa. Nyuma ya tivii kuna matundu mawili ya HDMI, vumbi limeziba namba zake. Nimechomeka lile lililo rahisi kufikika. `No Signal`. Nimehamishia kwenye lingine. `No Signal`. Nimerudisha lile la kwanza. Kama kawaida.

Nikasema basi, Jumamosi watu wataangalia nyeusi na nyeupe, tutasema ni kumbukumbu ya zamani. Kinyozi akaja saa 12 jioni kuchukua nyaya zake tatu. Na yeye kesho anaonyesha mpira kwenye saluni, kwenye kitivii chake kidogo chenye mgongo. Sikuwa na la kumwambia, mali ni yake.

Kreti nne za soda zimeshaingia, kwa mkopo.

Jumamosi, 3 Juni

*Saa 3:05 usiku.* Watu wameanza. Mabenchi mawili nimeazima msibani mtaa wa pili, na ndoo saba zimepinduliwa. Wananchi, yaani watu wa Yanga, wamekuja na jezi. Watu wa Simba nao wamekuja, kushangilia Waarabu, hilo halikuhitaji tangazo. Mzee muuza kahawa amekaa mbele kabisa anapiga hesabu kwa sauti: Yanga wakishinda moja bila, jumla ni mbili mbili, lakini Waarabu wana mabao mawili ya ugenini na sisi tutakuwa na moja, kombe linabaki kwao. Wakishinda mbili bila, letu. Wakishinda mbili moja, mikwaju ya penalti. Amerudia mara tatu na kila mara kuna mtu anayebisha.

Kwenye tivii, kisanduku kinaelea.

*Saa 3:38.* Nimepiga simu kwa fundi wa dishi. Amepokea akiwa kwenye kelele, kumbe naye yuko kibandani. Nimeandika maneno yake hapahapa kwa sababu niliweka spika na kila mtu alisikia.

"Fundi, dishi lako halina mawimbi."

"Nani kasema?"

"Tivii imeandika."

"Mangi, tivii haijui habari za dishi. Chukua rimoti ya king'amuzi, si ya tivii. Bonyeza menyu. Umeona nini?"

"Sijaona kitu. Kisanduku kinaelea vilevile."

"Taa ya king'amuzi?"

"Kijani."

"Sasa sikiliza. King'amuzi kikikosa mawimbi kinasema chenyewe, kinatoa ujumbe wake na namba yake ya kosa, na menyu yake inafunguka hata kama dishi umelitupa baharini. Hicho kisanduku kinachoelea ni sauti ya tivii. Inasema kwenye tundu ninalolitazama hakuna anayeniletea picha. Zima tivii, iwashe, niambie juu pembeni inaandika nini."

Nikazima. Benchi la mbele likaguna. Nikawasha. Yale maandishi ambayo wiki nzima nimeyachukulia kama salamu ya kampuni yakatokea kwa sekunde chache: `Component`.

Nikamsomea herufi kwa herufi. Fundi akacheka hadi simu ikakwaruza.

"Hapo inatazama matundu ya deki la mwenyewe wa zamani! Imekariri. Kila ukiiwasha inarudi palepale alipoiachia. Tafuta kitufe cha sosi, chagua HDMI. Mangi, timu zinaingia, baadaye." Akakata.

*Saa 3:44.* Kitufe cha sosi. Kwenye rimoti hakuna neno lolote lililobaki. Mmoja akasema nibonyeze vyote, mwingine akasema nikibonyeza vyote nitaifunga lugha ya Kichina kama ya shemeji yake. Ndio nikakumbuka mchoro wa Jumatano. Nikafungua daftari hapahapa kaunta, tochi ya simu juu yake, nikashuka kitufe kimoja kimoja. Chekundu, nilikibonyeza. Vya sauti, nilivibonyeza. Spika, nilibonyeza. Saa ya kulala, nilibonyeza.

Chenye mstatili na mshale: KUTOKA, USIGUSE.

Hiki sikukibonyeza. Niliangalia kialama, nikaona mlango na mshale, nikaandika kazi yake kutoka kichwani, na siku tatu zote nimekiheshimu kama waya wa umeme ulio wazi. Nimekisogeza karibu na tochi. Ncha ya mshale haitoki kwenye mstatili. Inaingia.

*Saa 3:49.* Nimebonyeza. Upande wa kushoto wa kioo pakafunguka orodha:

```
TV
AV
Component
HDMI 1
HDMI 2
```

Duka zima likasema "eeeh", kama vile kafunga mtu. Wakati nawaangalia wao, orodha ikajifunga yenyewe. Nikaibonyeza tena, nikashuka hadi `HDMI 1`, nikabonyeza sawa. Giza, kisha kisanduku kikaanza kuelea. Jezi moja ya njano ikasimama, ikaaga, inakwenda kwa kinyozi. Nikafungua orodha mara ya tatu, nikashuka hadi `HDMI 2`, sawa.

Giza tupu. Hata kisanduku hakipo.

"Umeizima!" "Rudisha ilipokuwa!" Kidole changu kilikuwa tayari juu ya kitufe. Mzee wa kahawa akanishika mkono, sio kwa ujuzi wowote, alikuwa anataka kuniuliza kama kuna tangawizi. Zikapita kama sekunde tatu.

Uwanja ukafunguka, wa kijani, kijani chenyewe.

*Saa 3:52.* Wachezaji wako kwenye mstari. Yule wa jezi ya njano amerudi na kiti chake kimeshachukuliwa. Nimeuza soda kumi na moja kabla mpira haujawekwa kati. Naandika kwa mkono wa kushoto.

*Saa 4:08.* Saluni ya kinyozi wanasikiliza na redio pembeni, na redio inaitangulia picha yetu ya dishi. Tukasikia kwao mayowe, sisi huku mpira bado uko katikati ya uwanja, Wananchi wanatazamana hawajui washangilie nini. Kisha na sisi tukaiona: penalti. Djuma Shabani, dakika ya 7, bao. Benchi la msibani limevunjika mguu mmoja. Mzee wa kahawa, bila kugeuka: "Bado moja."

*Saa 6 kasoro, usiku.* Haikupatikana hiyo moja. Moja bila, jumla mbili mbili, kombe limebaki Algiers kwa mabao ya ugenini, hivyohivyo alivyosema mzee tangu saa 3. Yanga wameshinda fainali na wamekosa kombe, na watu wa Simba wameshangilia timu iliyofungwa. Sijawahi kuona watu wakiondoka dukani wakiwa hawajui nani acheke. Soda zimebaki kreti moja pungufu chupa mbili. Karanga zimeisha.

Jumapili, 4 Juni

Fundi amepita asubuhi kudai chai yake. Nikamuuliza kuhusu ile picha ya nyeusi na nyeupe, kwa sababu ilikuwa inanisumbua kuliko yote. Akaichora kwenye kartoni ya sigara.

Waya wa njano unabeba vitu viwili vilivyochanganywa, mwanga na rangi. Lile tundu la kijani ni la wapangaji wawili. Tivii ikiwa kwenye `AV` inajua kinachoingia pale ni mchanganyiko, inaupembua, inatoa picha kamili. Ikiwa kwenye `Component` inadhani pale unaingia mwanga mtupu, rangi inazingoja kwenye matundu mawili ya jirani, la bluu na jekundu, ambayo mimi niliyaacha matupu. Kwa hiyo ilichukua mwanga na giza, ikachora mtu wa kijivu. Rangi iliyoingia bila kutambuliwa ndiyo wale sisimizi kwenye pindo za nguo. Maana yake Jumatano picha yenyewe ilikuwa inanionyesha kosa. Waya ulikuwa mzima, na hata ule wa HDMI wa nyumbani ulikuwa mzima. Tumeujaribu mbele yake: unafanya kazi. Elfu nane zimekwenda.

Nikamuuliza na kuhusu lile giza. Akasema king'amuzi na tivii vikikutanishwa kwa HDMI huanza kwa kuulizana kwanza, picha ya ukubwa gani unaiweza, na wakati huo kioo hakina la kuonyesha. Anayebonyeza haraka haraka anapita juu ya tundu lake sahihi bila kujua. Ukiona giza bila kisanduku, ngoja. Kisanduku kikianza kuelea, ndio uhame.

Nyuma ya tivii nimepangusa vumbi kwa kitambaa. Tundu rahisi kufikika ndilo namba 2. Nimeandika kwa kalamu ya wino mzito kwenye mgongo wa plastiki, na kwenye mchoro wa Jumatano nimekata KUTOKA nikaandika KUINGIA.

Saa 4 asubuhi mama watoto amekuja na mfuko, akachomoa king'amuzi bila kuniuliza na bila kunisalimia sana. Nilisahau kuzima tivii. Mteja wa kwanza aliyeingia baada yake, mzima wa miaka hamsini, amenunua sabuni ya kipande, akatazama juu kisanduku kinavyoelea, akatikisa kichwa.

"Mangi, dishi lako limegeuka."